Rudisha Hapo Kidogo

Mdosi alituma picha moja tu. Ilikuwa skrinshoti ya filamu fupi ya rafiki yangu iliyo YouTube, na juu ya ule mstari mwekundu wa video kulikuwa na mchoro wa kijivu wenye milima na mabonde. Alikuwa ameburuta kidole mpaka dakika ya 16, ambayo ilikuwa bonde. Chini ya picha akaandika: "Hapa hakuna watu. Toeni."

Kwenye hilo bonde, mama anachagua mchele. Binti yake amerudi Kayole na begi kubwa kuliko la likizo, anadanganya kwamba chuo kimefungwa mapema. Mama anakaa chini na ungo, anatoa vijiwe kimoja kimoja kwa karibu dakika mbili, na hasemi neno. Anajua, na binti anajua kwamba mama anajua. Nilipoandika kuhusu filamu hiyo nilisema hapo ndipo ilipo filamu yenyewe, mengine yote ni njia ya kufika. (Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hiyo huo mchele naujua vizuri sana.)

Dairekta akanipigia. "Wewe ndio ulisema hapo ndipo penyewe. Sasa mbona hakuna mtu amerudia kuangalia?"

Swali la haki kabisa. Mhakiki mmoja anasema hivi, na grafu ya watazamaji maelfu inasema vile. Sikutaka kujibu kwamba watu hawana akili, maana hiyo ndiyo njia ya mkato ya wahakiki wote tunapokosea. Nikamwambia anipe siku mbili niisome hiyo grafu vile ningesoma shairi, mstari kwa mstari.

Kama umewahi kuburuta kidole kwenye video umeiona. YouTube iliifungulia watu wote Mei 2022. Kwenye kilele kimoja, maneno Most replayed huweza kutokea. Watu wengi huisoma kama makofi: pale palipo juu ndipo watu walipapenda. Lakini wale waliokulia karibu na kibanda cha video, zile za sinema za DJ Afro kwenye benchi la mbao, wanakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakimpigia kelele mwenye mashine: "Rudisha! Rudisha hapo kidogo!" Mmoja alitaka teke lirudiwe kwa sababu lilikuwa tamu. Mwingine alitaka lirudiwe kwa sababu msee mrefu alisimama mbele yake na hakuona kitu. Mwenye mashine alisikia neno moja tu. Grafu ni huyo mwenye mashine.

Kwanza nilitaka namba, kwa sababu ule mchoro umelainishwa na jicho hudanganyika. Ukiwa na programu ya yt-dlp kwenye kompyuta unazipata bila kupakua video:

```
yt-dlp --skip-download --print "%(heatmap)j" LINK
```

Mahali pa LINK unaweka anwani ya video. Kinachorudi ni vipande 100, kila kimoja na mwanzo wake, mwisho wake, na thamani kati ya 0 na 1. Ni vipande 100 video iwe fupi au ndefu. Filamu hii ina dakika 20 kamili, kwa hiyo kipande kimoja ni sekunde 12. Mahubiri ya saa mbili yangekuwa na vipande vya sekunde 72, na ndani ya sekunde 72 mtu anaweza kuimba, kukohoa na kuomba sadaka, usijue ni lipi kati ya hayo lililorudiwa. Yaani hata kabla ya kubishana kuhusu maana, uliza kwanza kipande kina upana gani.

Kipande cha kwanza kilikuwa na 1, thamani ya juu kabisa. Usisherehekee. Karibu kila anayefungua video hupitia mwanzo, hata yule aliyebonyeza kimakosa akatoka. Nikakiweka kando.

Mlima wa pili ulikuwa 2:36. Ukiangalia filamu, hapo binti anashuka matatu, hakuna lolote la ajabu. Lakini rudi nyuma kidogo: kuanzia 1:24 kuna tangazo la mdhamini, programu ya mikopo, limechomekwa katikati ya hadithi. Watu wameliruka. Wanaburuta kidole, wanatua pale hadithi inaporudi, na wote wanatua karibu pamoja. Mlima wa aina hii una umbo lake: upande wa kushoto ni ukuta, umetoka chini mpaka juu kwa kipande kimoja, halafu unateremka polepole kulia. Huo ni mlima wa kutua. Hausemi chochote kuhusu matatu, unasema kuhusu tangazo. Mdosi ndiye aliyeleta hilo tangazo, lakini tuyaache hayo.

Wa tatu, karibu na dakika ya 7, ulikuwa kilima cha mviringo, pande zote mbili zimeinama sawa. Hapo kaka yake binti anaongea nyuma ya geti huku matatu ikipiga honi. Nilikuwa nimeitazama hii filamu mara nne kwa vipokea sauti vya masikioni na sikuwahi kugundua shida. Safari hii nikaitazama kwa spika ya simu, nikiwa ndani ya mathree kama watu wengine. Sikusikia kitu. Nikagusa skrini mara mbili upande wa kushoto ili nirudi sekunde 10. Nikarudia tena. Kumbe nilikuwa nakijenga hicho kilima kwa kidole changu mwenyewe. Watu waliorudi hapo walikuwa wanatafuta sentensi iliyopotea, na ndani ya hiyo sentensi ndimo kaka anataja kwamba karo ya dada yake ndiyo iliyokula pesa za shamba. Asiyeisikia hawezi kuelewa mchele.

Halafu 12:24, pale maneno Most replayed yalipokaa. Keateka anabisha mlango kudai kodi na anatoa mstari mmoja wa matusi ya adabu, wa kuchekesha kwelikweli. Sina wivu na huo mlima, umeandikwa vizuri. Lakini nikateremka kwenye maoni, nikakuta watu wameandika 12:24 tena na tena. Ukiandika dakika hivyo YouTube huigeuza kuwa kiungo, na anayekigusa anarushwa pale moja kwa moja. Tena yule ambaye hata hakusoma maoni, akiburuta kidole anaonyeshwa kwamba hapa ndipo wengi walirudi, basi naye anatua kuona kuna nini. Kilele kinazaa kilele. Kuna mtu aliyerudia mstari kwa kuupenda, na kuna mtu ambaye hajawahi kuona dakika 12 za kwanza, na wote wawili wameongeza kimo cha mlima uleule.

Na hapa ndipo bonde la mchele linapoanza kueleweka, kwa sababu zile thamani si hesabu ya watu. Ni kama mwalimu ambaye hatoi alama, anatoa ulinganisho na anayeongoza: wa kwanza anapewa 1, wengine wote wanapimwa dhidi yake. Muhula ujao akihamia mwanafunzi hatari sana, thamani yako inashuka hata kama hujakosea swali moja zaidi. Kadiri keateka anavyotumiwa WhatsApp na watu wakafungua mwanzo kisha wakamrukia, ndivyo mama mwenye ungo anavyozama, hata kama wanaomtazama wameongezeka. Vipande vyake tisa, kutoka 15:12 hadi 17:00, vyote vilikuwa chini ya 0.1. Hiyo 0.1 haisemi kwamba hakuna watu. Inasema kwamba hapa hakukurudiwa kama mahali pengine palivyorudiwa, na nani hurudia ukimya? Ukimya ukiupata mara moja, umeupata.

Lakini nilijua hiyo bado ni hoja ya wakili. Bonde linaweza kuwa ukimya uliotazamwa, na linaweza kuwa ukimya ulioruka watu wakaondoka. Kwa grafu ya nje huwezi kutofautisha. Kuna grafu nyingine, ambayo anaiona mwenye chaneli peke yake, ndani ya YouTube Studio: asilimia ya watazamaji waliokuwa bado wanatazama kila wakati wa video. Hiyo ndiyo ya kuuliza swali la mdosi. Watu wakiondoka, mstari unashuka na hauinuki. Wakiruka, unazama kisha unapanda tena upande wa pili. Wakikaa, unalala.

Tukaifungua kwa laptop yake, meza ya nyuma ya kibanda cha chai. Nilikuwa na hofu, sitaficha. Mstari ulianza na mteremko mkali, kawaida ya video nyingi, ukazama kwenye tangazo, ukapanda, ukateremka polepole, ukatoa mwiba kwa keateka. Baada ya mwiba ukashuka tena, na hao nadhani ni waliokuja kwa mstari wa kuchekesha wakaondoka nao. Kisha 15:12 ukalala. Mpaka 17:00 ulikuwa karibu kama meza. Waliobaki kufikia mchele, walibaki mpaka mchele ukaisha.

Dairekta alinyamaza, kisha akasogeza kidole kulia. "Na hapa?"

Hapo, kutoka 17:30, mstari uliporomoka. Ni ile hotuba ya binti mlangoni, ambako anaeleza kila kitu ambacho mama ameshakielewa. Katika uhakiki wangu niliisifia hotuba hiyo aya nzima. Nimeirudia kuitazama tangu siku hiyo. Ni ndefu mno, na inamweleza mtazamaji ukimya aliotoka kuupokea. Ningekuwa nimeuamini mchele vile nilivyodai kuuamini, ningeona hivyo bila kusubiri grafu.

Kwa hiyo sasa kwenye video kuna manukuu dakika ya 7, na kilima cha pale, kama nimekisoma vizuri, kinapaswa kupungua pole pole. Mdosi tulimtumia picha ya grafu ya ndani na maelezo ya kurasa mbili. Akajibu kwa dole gumba. Wiki iliyofuata toleo fupi likapandishwa kwenye chaneli yake, dakika 18 na kidogo. Hotuba ya mlangoni imo yote, tangazo limo, mchele haumo. Nimejaribu ile amri kwa anwani ya video hiyo. Inarudisha NA, kwa sababu bado haijatazamwa vya kutosha kupewa grafu.