Chumba Finyu, Mwangwi Mpana: Uhakiki wa Maelezo ya Jalada katika Toleo Jipya la Albamu ya "Africa" ya Amanaz

Maelezo ya jalada ni utanzu ambao wahakiki wa Kiswahili hawajaushughulikia sana, ingawa kwa albamu nyingi za roki za Zambia ya miaka ya 1970 ndiyo karibu masimulizi pekee yaliyochapwa. Albamu hizo zilitolewa kwa nakala chache, zikasahaulika, kisha zikarejeshwa sokoni na kampuni za Ulaya na Marekani zikiwa zimeambatanishwa na kijitabu. Kijitabu hicho huandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mkusanyaji wa santuri aliye mbali, na kwa kawaida huwa na sura moja isiyokosekana: vijana wasio na fedha, studio finyu, saa chache za kulipia, na kazi iliyomalizika kabla ya wapigaji kupata nafasi ya kurudia makosa yao. Msomaji huachwa aamini kwamba ukali wa muziki ule ni zao la dhiki.

Albamu ya "Africa" ya bendi ya Amanaz, iliyotolewa mwaka 1975 na kampuni ya Zambia Music Parlour, inafaa kuipima simulizi hiyo. Waliopiga humo ni vijana kama Keith Kabwe, Isaac Mpofu na John Kanyepa, nao walikuwa sehemu ya wimbi lililokuja kuitwa Zamrock. Takriban miongo minne baadaye kampuni ya Now-Again ya Los Angeles iliitoa upya kwa namna isiyo ya kawaida: nyimbo zilezile 12 zimewekwa mara mbili, katika michanganyo miwili tofauti ya enzi hiyohiyo. Mmoja ni mkavu, na wa pili umejazwa mwangwi.

Ufinyu wa chumba na haraka ya kazi kwa kawaida husimuliwa kama mikosi miwili iliyokutana. Kwa kweli wa kwanza huzaa wa pili. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo ukuta ulio mita mbili kutoka kwa mpigaji huirudisha sauti yake baada ya milisekunde 12 hivi. Sikio haliwezi kuutenganisha mrejesho wa karibu kiasi hicho na sauti yenyewe, na kinachosikika ni ule mlio wa ndani ya sanduku. Zaidi ya hapo, katika chumba kidogo kila mikrofoni humsikia jirani. Ngoma huvuja kwenye mikrofoni ya mwimbaji, na gitaa huvuja kwenye mikrofoni ya ngoma. Mwimbaji akikosea neno katika ubeti wa pili, haiwezekani kumrudisha peke yake aimbe ubeti ule, kwa sababu sauti yake ya kwanza imekwisha kukaa ndani ya mikrofoni za wengine. Ama wote waanze upya, ama kosa libaki. Pale ambapo studio hulipiwa kwa saa, au bendi imesafiri hadi nchi jirani kurekodi, kama Musi-O-Tunya walivyokwenda Nairobi, jibu la swali hilo hujulikana kabla ya kuulizwa.

Haraka ya aina hiyo huacha alama, na msikilizaji makini anaweza kuzitafuta bila kutegemea kumbukumbu ya mtu yeyote. Gitaa huingia nusu pigo kabla ya wenzake na halirekebishwi. Mwendo hupanda taratibu kuelekea mwisho wa wimbo kwa kuwa wote wanapiga pamoja na hakuna anayefuata kipimo kilichorekodiwa kabla. Mwimbaji anaponyamaza, mlio wa matoazi haupungui, kwa sababu mikrofoni yake ingali wazi na inaendelea kuyachukua. Alama hizi ni ushahidi wa namna moja. Maneno ya mwanamuziki anayehojiwa miaka 40 baadaye ni ushahidi wa namna nyingine, na matakwa ya kampuni inayouza toleo jipya si ushahidi hata kidogo. Udhaifu mkubwa wa utanzu huu ni kwamba huyachanganya yote matatu katika aya moja, kwa sauti moja.

Michanganyo miwili ya "Africa" inaufichua udhaifu huo vizuri. Katika mchanganyo mkavu ngoma ziko karibu, sauti ya mwimbaji iko mbele kabisa, na masikio yanakipima chumba bila taabu. Katika mchanganyo wa pili waimbaji wamerudi nyuma na gitaa linaning'inia hewani baada ya kupigwa, kana kwamba bendi imehamia kwenye ukumbi mkubwa mtupu. Ukumbi huo haukuwapo. Ni wa kutengenezwa, na ulitengenezwa na mtu aliyekaa mbele ya mitambo akasikiliza wimbo baada ya wimbo. Kuhusu mpangilio wa kazi, fizikia inatoa dokezo ambalo mhakiki wa miswada ya kale angelipokea kwa furaha: mwangwi unaweza kuongezwa juu ya sauti kavu, lakini ukishachanganywa nayo hauwezi kuondolewa kwa vifaa vya wakati ule. Rekodi ilianza ikiwa kavu, na aliyeongeza mwangwi alifanya uamuzi.

Kwa hiyo hata tukikubali kwamba wapigaji waliharakishwa, kazi nzima haikuwa ya haraka. Palikuwa na hatua ya pili, yenye subira, ambayo simulizi ya dhiki haina mahali pa kuiweka. Kumwita mwanamuziki wa Zambia hodari kwa sababu hakuwa na muda ni kumnyima sifa ya kuchagua. Kijitabu kinachoheshimu jambo hili kingeeleza nani aliketi kwenye mitambo, na kingetaja chanzo cha sauti ya toleo jipya, kama ni utepe wa asili au santuri iliyochakaa. Matoleo mengi ya Zamrock yamelazimika kutumia santuri kwa sababu tepu zilipotea. Mtunga sera anayetaka kujua ni nini hasa kimebaki cha kuhifadhiwa, na haki za nani zimo ndani yake, huhitaji taarifa hiyo kuliko anavyohitaji kisa cha chumba chenye joto.

Kuna suala la lugha pia. Nyimbo nyingi za albamu hii ni za Kiingereza, lakini "Kale" na "Nsunka Lwendo" ziko katika lugha za Zambia. Maelezo ya jalada, yakiwa yanamwandikia mgeni, kwa desturi huzipita nyimbo za namna hii kwa sentensi moja kuhusu ladha ya kienyeji, kisha hurudi kwenye gitaa na vikuza sauti. Hapo ndipo haraka halisi ilipo, nayo ni ya mwandishi, haikuwa ya bendi. Wakati bendi inapoacha Kiingereza inabadili pia namna ya kuimba: sauti inashuka, na gitaa linaipisha. Mabadiliko hayo yanasikika wazi zaidi katika mchanganyo mkavu, ambamo hakuna mwangwi wa kuyafunika. Msomaji wa Kiswahili, kwa bahati ya ujirani wa lugha za Kibantu, hahitaji kamusi kulitambua jina la wimbo wa kwanza kati ya hizo mbili. "Kale" ni kale, na mkusanyaji wa mbali angeweza kuambiwa hivyo kwa mstari mmoja.