Ukwapi Bila Utao: Uhakiki wa Kitini Kinachosomwa kwa Sikio

Kitini ninachokihakiki kiliandaliwa kwa kozi ya ushairi, na kwa macho kinapendeza. Shairi la ukurasa wa tatu ni tarbia ya kawaida: mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili vya mizani 8, ukwapi kushoto na utao kulia. Katika jaribio tuliulizwa umbo lake. Mwenzetu mmoja asiyeona aliandika kwamba lina beti mbili, kila mshororo una kipande kimoja, na kila ubeti una kina chake. Alikosa alama zote za swali hilo.

Baadaye alituwekea sauti ya NVDA, programu ya bure inayomsomea yaliyomo kwenye skrini. Tulisikia vipande vinne vya ukwapi mfululizo, kisha vinne vya utao. Kwa alichokisikia, jibu lake lilikuwa sahihi. Kina cha kati kilikuwa kimegeuka kina cha mwisho, na maana ya kila mshororo ilikuwa imekatwa katikati.

Kosa ni la mpangilio. Kisoma skrini hakiangalii ukurasa. Hufuata mti wa lebo uliofichwa ndani ya PDF, ambamo kila kipengele kina jina, kwa mfano `H1` kwa kichwa kikuu, `P` kwa aya na `Figure` kwa picha. Husoma lebo kwa mfuatano wake katika mti huo. Mwandishi wa kitini alipanga shairi kwa safu mbili za Word, kwa hiyo safu ya kwanza iliwekewa lebo yote kabla ya ya pili. Kwa gazeti huo ndio utaratibu unaotakiwa, lakini shairi letu husomwa kwa kuvuka.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kitini hiki kilikaguliwa. Ukaguzi wa Acrobat ulikipitisha karibu kila mahali. Kwenye `Logical Reading Order` haukusema kimefaulu wala kimeshindwa, uliandika `Needs manual check`. Maana yake ni kwamba mashine inamwachia binadamu kazi hiyo, na hapa hakuna binadamu aliyeifanya. Mashine hujua kama lebo ipo. Haijui kama lebo inasema kweli.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ramani ya lahaja pia. Maandishi yake mbadala yalikuwa neno moja tu, “ramani”, na ukaguzi ukaridhika kwa sababu nafasi haikuwa tupu. Lakini mhadhara ulitaka tujue lahaja zinavyofuatana pwani. Mimi ningeandika: “Ramani ya pwani, kutoka kaskazini kwenda kusini: Kiamu kisiwani Lamu, Kimvita Mombasa, Kipemba Pemba, Kiunguja mjini Unguja.” Ramani hiyohiyo katika kozi ya historia ya biashara ingehitaji maelezo mengine. Mapambo ya ukingoni hayahitaji maelezo yoyote. Huwekwa kama `Artifact`, na kisoma skrini huyapita.

Vichwa navyo vilikuwa maandishi makubwa yaliyokolezwa tu. Mwenzetu akibonyeza `H`, ambayo katika NVDA humpeleka kwenye kichwa kinachofuata, haendi popote. Ili kufika sehemu ya tenzi husikiliza kurasa zote za mwanzo.

Kuhamisha lebo ndani ya Acrobat kunawezekana, ila hapa safu nzima ilikuwa aya moja, ingebidi kuikatakata. Ni rahisi kurudi Word. Futa safu, andika ukwapi na utao katika mstari mmoja, na uvitenganishe kwa `Tab`. Mkato ambao washairi wetu huuweka mwishoni mwa ukwapi usiuondoe, maana ndio unaoipa sauti kituo kidogo pale vipande vinapokutana. Vichwa vipewe mtindo wa `Heading 1` au `Heading 2`, na lugha ya maandishi iwe Kiswahili, la sivyo sauti inaweza kuyatamka kwa Kiingereza. Kisha tumia `Save As`, na katika `Options` hakikisha `Document structure tags for accessibility` imechaguliwa. Ukipita njia ya `Print`, lebo hupotea.

Kwa anayeona, NVDA ina dirisha la `Speech Viewer` linaloonyesha kwa maandishi kila kinachosemwa. Nilirekebisha ukurasa wa tatu, nikalifungua, nikashuka kwa mshale. Ukwapi, utao, ukwapi, utao. Vina viwili vikarudi mahali pake. Ukurasa huo ulinichukua dakika chache. Nimempelekea mhadhiri nakala zote mbili pamoja na karatasi ya jaribio la mwenzetu, na ombi kwamba jibu lake lisahihishwe upya kwa shairi alilopewa kusoma.