Salio la Bima Halidanganyi

Ukiwekewa mezani vitabu vya biashara na kutakiwa useme kama bima ya mwaka imegawanywa vizuri katika miezi yake, usianze na maingizo. Anza na hati ya bima. Soma tarehe mbili, ya kuanza kinga na ya kuisha, kisha ufungue akaunti ya bima iliyolipwa kabla na kuuliza jambo moja tu: salio hili ni la siku ngapi zilizobaki? Mhasibu hodari huacha salio ambalo mtu asiyemjua anaweza kulihakiki kwa hati peke yake.

Chukua lori la mfanyabiashara wa Morogoro lililokatiwa bima kubwa kwa shilingi 3,650,000 kabla ya VAT, kinga ikianza 12 Agosti 2024 na kuisha 11 Agosti 2025. Ni siku 365, kwa hiyo kila siku ina thamani ya shilingi 10,000. Siku ya malipo, bima iliyolipwa kabla inadebitiwa 3,650,000, maana ni mali: kinga imenunuliwa lakini haijatumika. Mwisho wa Agosti zimepita siku 20, basi gharama ya bima inadebitiwa 200,000 na bima iliyolipwa kabla inakreditiwa kiasi hichohicho. Septemba ni 300,000, Oktoba 310,000, Novemba 300,000, Desemba 310,000. Kufikia 31 Desemba gharama ni 1,420,000 na mizania inaonyesha 2,230,000. Hesabu siku za kinga kuanzia 1 Januari: ni 223. Hapo kazi imejithibitisha yenyewe.

Wengi hugawa kwa 12 na kuandika 304,167 kila mwezi. Silaumu utaratibu huo kwa biashara ndogo, mradi ufuatwe mwaka hadi mwaka. Ninachokiangalia ni mwezi wa kwanza. Mhasibu akiipa Agosti mwezi mzima ilhali kinga ilianza tarehe 12, hadi Desemba atakuwa ameandika 1,520,835, yaani zaidi ya laki moja juu ya kinga iliyotumika kweli, na faida ya mwaka itapungua kwa kiasi hicho. Kwa lori moja ni kidogo. Kwa magari 40 yaliyokatiwa bima siku moja, si kidogo hata kidogo. Tena 304,167 mara 12 ni 3,650,004, kwa hiyo mwezi wa mwisho lazima ubebe tofauti. Ukikuta akaunti imebaki na krediti ya shilingi nne kwa miaka mitatu, jua hakuna aliyeifungua tangu hapo, na utafute makosa makubwa zaidi humohumo.

Dalili nyingine ni kiwango cha siku. Gawa debiti iliyowekwa mwanzoni kwa siku za kinga. Ukipata 11,800 badala ya 10,000, VAT ya asilimia 18 imemezwa ndani ya bima. Kama biashara imesajiliwa na ina haki ya kuidai kodi hiyo, shilingi 657,000 zilipaswa kukaa kwenye akaunti ya VAT, wala si kugawanywa kuwa gharama.

Wapo wanaoingiza malipo yote kwenye gharama tangu mwanzo, kisha 31 Desemba wakadebiti bima iliyolipwa kabla na kukrediti gharama 2,230,000. Mizania ya mwisho wa mwaka inatoka sawasawa. Ila taarifa za kila mwezi zinaharibika: Agosti inaonekana imepata hasara, na miezi inayofuata kama vile lori linatembea bila bima. Mwenye mali anayeamua bei ya usafirishaji kwa kutazama taarifa hizo anaongozwa vibaya.

Jaribio linalotenganisha fundi na mwigaji ni lori kuuzwa kabla kinga haijaisha. Tuseme limeuzwa na bima ikasitishwa mwisho wa Februari 2025. Siku 59 za mwaka mpya zimetumika, kwa hiyo salio ni 1,640,000. Kampuni ya bima ikikubali kurejesha 1,200,000, fedha hizo huhamia kwenye akaunti ya wadaiwa, na 440,000 zilizobaki huandikwa gharama mara moja, kwa kuwa hakuna kinga tena ya kuzibeba. Mfumo wa kompyuta uliopangwa kujirudia hautambui jambo hilo. Utaendelea kuandika 310,000 ya Machi, 300,000 ya Aprili, kwa utulivu kabisa, kwa lori lililokwisha kuondoka kwenye rejista ya mali. Ndiyo maana nikimaliza hati ya bima huomba rejista hiyo, na kulinganisha namba za magari moja moja na orodha ya bima zilizolipwa kabla. Namba iliyopo upande mmoja tu ndiyo ninayoanza nayo kuuliza.