Kumbukumbu na Ufasiri katika Maswali ya Riwaya Teule: Mfano wa Siku Njema

Swali linalomtaka mtahiniwa ataje sifa za Kongowea katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora hujibika kwa muhtasari uliokaririwa. Hali huwa hiyo hiyo mtungaji anapoyatamka maudhui mwenyewe, kisha akaagiza yathibitishwe. Yafaa swali ligawanywe. Sehemu ya kwanza idai masimulizi ya safari ya Kongowea kutoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta babake. Hiyo ni kumbukumbu, nayo ipewe alama zake. Ya pili iulize: kwa kuwa Kongowea ndiye msimulizi, je, taswira anayojichorea inathibitishwa na matukio anayoyasimulia, au inategemea kauli yake tu? Iwapo majibu mawili yanayopingana yaweza kupata alama sawa kwa uzito wa ushahidi, swali limepima ufasiri.