Faranga 6,120 zimetoka wapi?

Rusizi ina imirenge 18, na mpango wa Umurenge SACCO uliweka chama kimoja kwa kila umurenge. Chama kikitangaza gawio, mwanachama hupewa karatasi yenye mstari mmoja wa jumla. Wengi huanza kuikagua kwa kuzidisha hisa zao kwa kiwango kilichotangazwa. Mimi naona heri kuanzia mwisho: gawanya kiasi ulicholipwa kwa kiwango, upate salio ambalo mhasibu alilitumia, kisha ulitafute kwenye kitabu chako.

Tuseme mwanachama wa Kamembe alifungua mwaka akiwa na hisa za faranga 60,000, akaongeza za 40,000 tarehe 30 Juni. Mkutano mkuu umepitisha gawio la asilimia 9. Yeye anangoja 9,000, karatasi inasema 6,120.

Gawanya 6,120 kwa 0.09, unapata 68,000. Salio hilo halimo kitabuni hata siku moja. Jibu la namna hii kwa kawaida linamaanisha kwamba kodi imeshakatwa. Kiwango cha kawaida cha kodi ya zuio kwa gawio nchini Rwanda ni asilimia 15, kwa hiyo gawanya kwanza kwa 0.85. Inakuja 7,200 kabla ya kodi, na ukiigawanya kwa 0.09 unapata 80,000. Sasa inaeleweka: 60,000 zilikaa mwaka mzima, 40,000 zilikaa nusu mwaka, basi zikahesabiwa kama 20,000. Mhasibu yuko sawa, mradi masharti ya chama yanasema hisa huhesabiwa kwa miezi. Kama ingetoka 60,000, tungejua kwamba hisa za Juni zimesahauliwa. Ingetoka 100,000, amelipwa kupita haki yake, na hilo nalo ni kosa, ingawa sijaona mtu akilikimbilia dirishani.

Riba ya akiba ina mtego wake. Vyama vingine huihesabu kwa salio la chini kabisa la mwezi. Mwenye 200,000 akitoa 150,000 tarehe 3 na kuzirudisha tarehe 28, mwezi huo unahesabiwa kwa 50,000 tu. Kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, amepoteza faranga 500, na salio la mwisho wa mwezi halionyeshi lolote. Hapa lazima usome tarehe za miamala, mstari kwa mstari.

Kamati ya ukaguzi hufanya hesabu pana zaidi: hisa za wote zilizopimwa kwa miezi, mara kiwango, lazima zilingane na fungu la gawio lililopitishwa na mkutano. Lakini hisa za mtu mmoja zikiandikwa kwenye akaunti ya mwingine katika mwezi uleule, jumla haibadiliki hata faranga moja. Kosa hilo ataliona mwenye kitabu peke yake.