Picha ya Asali na Ahadi Iliyomo: Waraka wa Meneja wa Chapa Uandikweje

Aghalabu meneja wa chapa anapowaandikia wafanyakazi wake juu ya picha zinazotengenezwa kwa akili mnemba, huanza kwa kuorodhesha programu zilizoruhusiwa na zilizoharimishwa. Na hapo ndipo waraka unapopotea njia, kwa kuwa mnunuzi hahadaiwi na programu, bali na imani ambayo picha imemtia moyoni. Ushahidi wa hayo ni kisa cha kampuni ya Meta, ambayo mnamo Mei 2024 ilianza kuzipa picha lebo ya "Made with AI" kwa kusoma alama zilizofichika ndani ya faili: wapiga picha waliofuta doa dogo tu wakaona kazi zao halisi zimepewa lebo moja na picha za kubuni, wakanung'unika, hata ilipofika Julai mwaka uo huo maneno yakageuzwa yakawa "AI info".

Basi tuchukue asali ya Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, na tukadirie kwamba meneja wa chapa yake anatunga waraka huo. Kwanza atazigawa picha katika mafungu matatu. Picha ya kamera iliyorekebishwa mwanga au kuondolewa vumbi haihitaji lebo, ila nakala yake ya asili ihifadhiwe. Picha ya chupa halisi iliyowekewa nyuma yake mandhari ya kubuni itapewa lebo, na ndani ya faili iandikwe `compositeWithTrainedAlgorithmicMedia`, ambalo ni neno la orodha ya IPTC inayotumiwa na vyombo vya habari. Iliyotengenezwa yote itapewa lebo pia, na neno lake ni `trainedAlgorithmicMedia`. Lakini alama ya ndani haitoshi, maana picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida alama hizo hufutika. Kwa hiyo maneno "Picha hii imetengenezwa kwa akili mnemba" yaandikwe juu ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka katika kioo cha simu.

Fauka ya lebo kuna marufuku, nayo ndiyo nguzo ya waraka: asali, chupa, mzinga na mrina asali havibuniwi kamwe vinapoonyeshwa kuwa ndivyo vya Tseikuru. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010, kifungu cha 55, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa au historia yake, wala haiulizi uongo huo umechorwa kwa mkono au kwa mashine.

Natuangalie kazi moja. Msanifu ameiagiza programu imchoree bango la mizinga ya Tseikuru, nayo ikamletea masanduku meupe yaliyopangwa katika bonde la kijani kibichi, na chupa ya asali ya rangi ya dhahabu yenye kijiti cha mbao cha mifuo juu yake. Picha inapendeza, ilhali nchi ile ni kame, yenye migunga na mibuyu, na mzinga wa jadi wa Wakamba, yaani mwatu, ni gogo lililochongwa uwazi ndani na kutundikwa mtini. Fauka ya hayo, katika chupa imechorwa alama inayofanana na ile ya Shirika la Viwango, KEBS, herufi zake zikiwa zimevurugika. Kasoro ya herufi huonekana kwa kukuza picha. Kasoro ya mzinga haionekani ila kwa anayeijua nchi, na kadiri programu zinavyoendelea, makosa ya aina ya kwanza yatazidi kupungua na ya pili yatabaki.

Kwa sababu hiyo idhini itolewe na watu wawili, wala msanifu asiwe mmoja wao. Wa kwanza ni yule anayenunua asali kwa warina, naye anajibu swali moja tu: je, haya yapo? Wa pili ni meneja, anayetazama fungu, lebo na daftari, ambamo mmeandikwa programu, maagizo iliyopewa, picha halisi zilizotumika, tarehe na jina la aliyeidhinisha. Uso wa mtu una hukumu yake: kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ni data binafsi, na kuutumia kibiashara kwahitaji ridhaa ya mwenyewe. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa. Kwa hiyo picha ya mrina haitiwi katika programu, hata kwa majaribio, kabla hajatia sahihi.

Kwa bango letu hukumu ni bayana: likataliwe, lisiokolewe kwa lebo, kwa kuwa lebo humweleza mnunuzi jinsi picha ilivyofanyika, lakini haihalalishi ahadi ya uongo. Atumwe mpiga picha Tseikuru.