Towet, Toweett na Jedwali

Katika orodha za wakulima wa chai wa Kericho na Bomet, jina moja huweza kuonekana kwa tahajia mbili au tatu. Taaitta Toweett, waziri wa zamani na mwanaisimu, alijiandika kwa e mbili na t mbili za mwisho. Wengine huandika Towet tu. Ukiunganisha rejista mbili kwa kompyuta, itabidi uamue kama huyu ni yule. Hapo ndipo ninapoihusudu kazi ya jedwali.

Swali lake ni hili: kwa kuongeza, kufuta au kubadilisha herufi mojamoja, ni hatua ngapi chache kabisa zitakazoigeuza TOWET kuwa TOWEETT? Idadi hiyo ya hatua ndiyo umbali kati ya majina. Vladimir Levenshtein aliueleza umbali huo mwaka 1965, na mwaka 1974 Wagner na Fischer wakachapisha namna ya kuupata kwa jedwali.

```
    ·  T  O  W  E  E  T  T
·   0  1  2  3  4  5  6  7
T   1  0  1  2  3  4  5  6
O   2  1  0  1  2  3  4  5
W   3  2  1  0  1  2  3  4
E   4  3  2  1  0  1  2  3
T   5  4  3  2  1  1  1  2
```

Kila kisanduku kinajibu swali dogo: kipande cha mwanzo cha jina la kushoto kiko mbali kiasi gani na kipande cha mwanzo cha jina la juu? Mstari wa kwanza ni wa kuongeza tupu, safu ya kwanza ni ya kufuta tupu. Kwingineko, herufi zikilingana, unanakili namba ya mshazari, juu kushoto, bila malipo. Zisipolingana, unachukua iliyo ndogo kati ya jirani wa juu, wa kushoto na wa mshazari, kisha unaongeza moja. Tazama T ya mwisho chini ya E ya pili: jirani ni 1, 1 na 0, basi panaandikwa 1. Kona ya mwisho T zinalingana, 2 ya mshazari inashuka ilivyo. Ukirudi nyuma kutoka kona hiyo, utapita kushoto mara mbili: herufi mbili zimeongezwa.

Lakini KIPROP na KIPRONO pia wako mbali kwa 2, na hao ni watu wawili. Sasa geuza kanuni: herufi zikilingana, ongeza moja kwa mshazari, zisipolingana, chukua kubwa kati ya juu na kushoto, ukianza na sifuri pembezoni. Unapata urefu wa mfuatano mrefu zaidi wa herufi ambao majina yote mawili yanao kwa mpangilio uleule. Jozi zote mbili zinapata 5. Ila TOWET ina herufi tano, kwa hiyo imo yote ndani ya TOWEETT, ilhali KIPROP imeacha P yake nje. Tofauti hiyo umbali peke yake hauionyeshi.

Hata hivyo jedwali linajua herufi tu. Kabla ya kuunganisha malipo ya watu, linganisha namba ya mkulima.